Gemu zipi zinahitaji PS Plus na zipi zinachezwa mtandaoni bure: mwongozo kamili kabla hujatoa pesa

Kuna wateja wa aina mbili wanaoumia kila mara. Wa kwanza ananunua vocha ya PS Plus, uanachama wa kulipia wa PlayStation, ili mwanawe acheze Fortnite, gemu ambayo haihitaji vocha hiyo hata kidogo. Wa pili ananunua diski ya FC, gemu ya mpira, pale Darajani, anafika nyumbani, anaunga bando, halafu mashine inamwambia hawezi kukutana na mpinzani mpaka alipie kitu kingine. Mmoja kalipa asichotakiwa kulipa, mwengine hakujua kuwa kuna la kulipa.

Mwongozo huu ni wa hao wawili. Nimeuegemeza kwenye PlayStation kwa kuwa ndiyo mashine iliyojaa majumbani na kwenye vibanda vya gemu, Unguja na Pemba. Wenye Xbox na Switch wana sehemu yao karibu na mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- PS4 au PS5 iliyokwisha kufanyiwa masasisho. Mashine yenye programu ya zamani haiingii mtandaoni kabisa, na watu hudhani tatizo ni malipo.
- Akaunti yako mwenyewe ya PlayStation, yenye barua pepe unayoweza kuifungua na neno la siri unalolijua. Akaunti uliyoachiwa na aliyekuuzia mashine usiihesabu.
- Jina la nchi iliyochaguliwa siku akaunti ilipofunguliwa. Hili litaamua vocha gani ununue.
- Intaneti. Ruta ni bora, hotspoti ya simu inafaa kwa kuanzia.
- Nafasi kwenye diski ya mashine. Warzone peke yake inaweza kukulia zaidi ya GB 100. Rocket League ni nyepesi zaidi, kwa hiyo ndiyo nitakayoitumia kwenye majaribio.

Pesa bado. Usinunue vocha yoyote mpaka umalize hatua ya nne.

## Hatua ya 1: Tenganisha malipo matatu

Kucheza na mtu aliye mbali kunaweza kukugharimu mara tatu, na kila gharama ina mlango wake.

Kwanza ni intaneti. Hii unamlipa mwenye mtandao wa simu au wa ruta, na Sony haimo. Kila gemu ya mtandaoni inaihitaji.

Pili ni gemu yenyewe. Nyengine zinauzwa, kwa diski au dukani mtandaoni. Nyengine unazishusha bure.

Tatu ni uanachama wa PS Plus, unaolipwa Sony kwa mwezi, kwa miezi mitatu au kwa mwaka. Huu ndio unaofungua kucheza mtandaoni na watu wengine, lakini kwenye gemu za kununua tu.

Kuna na vitu vingine vinavyofanana na uanachama huku sivyo. V-Bucks za Fortnite, FC Points na pasi za msimu ni matumizi ya ndani ya gemu. Fortnite Crew inalipwa kila mwezi, lakini inakupa mavazi na zawadi za Fortnite, haikufungulii gemu nyengine yoyote. EA Play ndiyo inayowachanganya wengi: inakuruhusu kucheza gemu za EA bila kuzinunua moja moja, lakini kwenye PlayStation ukitaka kucheza FC na mtu mtandaoni bado utatakiwa uwe na PS Plus. Nimeona watu wakilipia EA Play kwa kuwa ni rahisi, wakiamini ni PS Plus ya bei ndogo. Sivyo.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema, kwa gemu uliyonayo, malipo gani kati ya haya matatu umeshayafanya.

## Hatua ya 2: Iulize gemu ilivyokufikia mkononi

Kanuni yenyewe ni fupi. Gemu iliyotolewa bure kwa kila mtu inachezwa mtandaoni bila PS Plus. Gemu inayouzwa kwa kawaida inahitaji PS Plus kwa kucheza na watu mtandaoni. Sababu yake ni ya kibiashara: gemu za bure zinaishi kwa wingi wa wachezaji na kwa vitu wanavyonunua ndani yake, na kizuizi mlangoni kingewafukuza wateja.

Upande wa bure, hizi ndizo zinazoulizwa sana huku: eFootball, Fortnite, Call of Duty: Warzone, Rocket League, Apex Legends, Roblox, Fall Guys, Overwatch na, kwenye PS5, Genshin Impact. Zote unashusha, unaingia, unacheza na watu. Rocket League na Fall Guys zilikuwa zinauzwa zamani. Ya kwanza ikawa bure Septemba 2020, ya pili Juni 2022. Ukisoma maelezo ya kabla ya hapo utapotea.

Upande wa kulipia zimo EA Sports FC, NBA 2K, Tekken 8, Minecraft, GTA Online, Gran Turismo 7 kwa mashindano ya watu, na Call of Duty za kila mwaka.

GTA Online inastahili kusemwa peke yake, maana vijana hubishana. Ukiwa na diski ya GTA V, ile hadithi ya mchezaji mmoja unaicheza bila PS Plus wala intaneti. Ukibonyeza kuingia Online, PS Plus inatakiwa. Kwenye PS5 GTA Online iliwahi kutolewa peke yake bila malipo kwa miezi mitatu kuanzia Machi 2022, na hata wakati huo waliojichukulia walitakiwa wawe na PS Plus ili wacheze. Basi neno bure lisikudanganye pale gemu inapotolewa kwa ofa ya muda. Kanuni inahusu gemu zilizotengenezwa ziwe bure siku zote.

Hivyo hivyo gemu unazopewa kila mwezi kwa sababu una PS Plus. Hizo si za bure kwa maana ya mwongozo huu. Uanachama ukimalizika zinafungwa, hata zile za kucheza peke yako.

Jinsi ya kuhakikisha: fungua PlayStation Store, tafuta gemu, ushuke kwenye ukurasa wake mpaka sehemu ya alama ndogo za maelezo. Gemu inayohitaji uanachama huandikwa:

```
PS Plus required for online play
```

Maneno hayo yakiwepo, utalipia. Yasipokuwepo na bei imeandikwa `Free`, hutalipia. Usiamini jaladi la diski pekee, hasa za mtumba ambazo karatasi yake ishabadilishwa.

## Hatua ya 3: Ingia ndani ya gemu, uliza mchezo upi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapookolewa, kwa kuwa gemu moja inaweza kuwa na vyumba viwili, kimoja kimefungwa na kimoja kiko wazi.

Tuchukue FC. Kucheza na ndugu yako mkiwa sebule moja, pedi mbili na televisheni moja, hakuhitaji PS Plus wala intaneti. Career Mode peke yako, vilevile. Ultimate Team inahitaji intaneti, kwa sababu timu yako inakaa kwenye seva za EA, lakini si kila kitu ndani yake kinahitaji PS Plus. Squad Battles, ambapo unapambana na timu inayoendeshwa na kompyuta, inachezeka bila uanachama, na soko la wachezaji nalo unalifikia. Kinachofungwa ni mechi dhidi ya mtu: Division Rivals, Champions, Seasons, mechi za kirafiki mtandaoni.

Kwa hiyo kijana anayejenga timu na kucheza Squad Battles jioni baada ya skuli hana haja ya PS Plus. Anayetaka kumpiga binamu yake aliye Mombasa anayo.

Call of Duty ni mfano wa pili, na ni mgumu zaidi kwa sababu Warzone na zile za kununua zinafunguka kutoka programu moja yenye jina moja. Unashusha bure, unaona menyu yenye sehemu kadhaa. Warzone inafunguka. Ukibonyeza Multiplayer ya toleo linalouzwa, unapelekwa dukani, na ukishanunua bado PS Plus inadaiwa. Watu husema gemu imewageuka. Haikugeuka, ni milango miwili kwenye ukumbi mmoja.

Gran Turismo 7 inafunza jambo jengine. Sehemu kubwa ya gemu hiyo, hata unapokimbiza gari peke yako, inadai uwe umeunganishwa na intaneti. Lakini intaneti si PS Plus. Ikikataa kufungua safari yako ya peke yako, angalia bando, usikimbilie vocha.

Na Minecraft na Roblox, ambazo wazazi huziona ni kitu kimoja kwa kuwa zote ni za vijisanduku vya mraba: Minecraft inauzwa, na kucheza na wenzako mtandaoni kunataka PS Plus. Roblox, iliyofika PlayStation Oktoba 2023, ni ya bure na haitaki. Mtoto mdogo anayetaka tu kukutana na rafiki zake, Roblox itamtosheleza bila gharama ya kila mwezi, mradi umdhibiti asinunue Robux, pesa za ndani ya gemu hiyo.

Jambo moja la faida: mazungumzo ya sauti ya kundi, yale ya Party, hayahitaji PS Plus. Mnaweza kuzungumza mkiwa kila mtu anacheza gemu yake.

Umefaulu ukiwa umeandika kwenye karatasi jina la gemu na jina la sehemu ndani yake unayotaka kucheza. Bila ya la pili, hujamaliza.

## Hatua ya 4: Jaribu mtandao wako kwa gemu ya bure

Usilipie PS Plus kwenye intaneti ambayo hujui kama inabeba mchezo. Gemu ya bure ndiyo kipimo.

1. Kwenye PS5 nenda `Settings > Network > Connection Status > Test Internet Connection`. Kwenye PS4 ni `Settings > Network > Test Internet Connection`.
2. Ngoja majibu. Tafuta mstari wa kuingia PlayStation Network uwe umefaulu, kisha soma `NAT Type`.
3. Shusha Rocket League au eFootball. Fanya usiku, wakati wa bando la usiku kama unalo, kwa sababu kushusha ndiko kunakokula data. Mchezo wenyewe ni mwepesi. Mara nyingi haufiki MB 200 kwa saa.
4. Cheza mechi kadhaa, nyakati tofauti. Jioni baada ya Isha si sawa na saa nne asubuhi.

NAT inaeleza jinsi mashine yako inavyoonekana kutoka nje. Aina ya 2 ni ya kawaida na inafaa. Aina ya 3 ina maana mashine zingine zinapata taabu kuunganika na yako moja kwa moja. Utaona sauti za Party zinakatika au mpinzani hapatikani. Hotspoti za simu hutoa aina ya 3 mara kwa mara, kwa sababu mtandao wa simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. PS Plus haibadilishi hilo hata ukilipia ya bei kubwa kabisa.

Ukipata aina ya 3, jaribu laini ya mtandao mwengine kabla ya jambo jengine lolote. Pemba hasa, tofauti ya laini moja na nyengine kati ya Wete na Mkoani inaweza kuwa kubwa.

Umefaulu ikiwa mechi ya gemu ya bure inaanza, mpira haurukiruki, na hukatwi kabla ya mwisho. Ukikatwa kwenye gemu ya bure, utakatwa vilevile kwenye ya kulipia.

Wengi wakifika hapa wanagundua kuwa hawahitaji kuendelea. eFootball imewatosha.

## Hatua ya 5: Linganisha nchi ya akaunti na nchi ya vocha

Kama bado unataka FC au GTA Online, sasa tunalipa. Na hapa ndipo panapoharibika zaidi visiwani kwetu, kwa sababu ya jamaa zetu wa Uarabuni.

Unapofungua akaunti ya PlayStation, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi. Kwa hivyo kila akaunti iliyoko Zanzibar imeandikwa nchi nyengine: Marekani, Uingereza, Afrika Kusini, Imarati, Omani. Mara nyingi aliyechagua ni fundi wa dukani, na mwenye mashine hajui. Masharti ya Sony yanataka uandike nchi unayoishi, basi likitokea tatizo la akaunti usitegemee sana kusaidiwa.

Vocha inafuata nchi ya akaunti. Vocha ya Omani haiingii kwenye akaunti ya Marekani. Mashine iwe imenunuliwa Dubai, diski iwe ya Ulaya, wewe uwe Michenzani, havihusiki. Ni akaunti tu.

Kuijua nchi: fungua PlayStation Store kwenye mashine na utazame bei zimeandikwa kwa sarafu gani. Pauni na randi zinajieleza. Dola hutumika Marekani na vilevile kwenye maduka ya baadhi ya nchi za Ghuba, kwa hiyo ukiona dola ingia kwenye akaunti kupitia kivinjari cha simu, usome nchi kwenye maelezo ya akaunti kabla ya kuagiza.

Kadi za benki za huku hukataliwa mara kwa mara, maana anwani ya kadi hailingani na nchi ya akaunti. Vocha ndiyo njia isiyo na maswali.

Kuhusu kiwango: kuna Essential, Extra na cha juu zaidi ambacho jina lake hutofautiana kwa nchi. Kwa kucheza mtandaoni vyote ni sawa. Extra inakuongezea maktaba ya gemu, haikuongezei kasi wala mpinzani. Chukua Essential.

Kuhusu muda: Septemba 2023 bei ya mwaka ya Essential kwa akaunti za Marekani ilipanda kutoka dola 59.99 hadi 79.99, mwezi mmoja ukiwa 9.99 na miezi mitatu 24.99. Tazama bei ya siku unayolipa, maana hubadilika. Ushauri wangu ni mwezi mmoja kwanza. Mwaka ni nafuu kwa hesabu, lakini hesabu hiyo inachukulia kuwa utacheza mwaka mzima, na wengi huku wanacheza kwa nguvu likizo na baada ya Ramadhani, kisha mashine inapumzika.

Akaunti za Marekani zina mtego: majimbo mengi yanaongeza kodi juu ya bei. Vocha ya dola 10 kwa kitu cha 9.99 inaweza kupungua kwa senti chache, na ununuzi ukakataliwa.

Kuingiza vocha kwenye PS5: `Settings > Users and Accounts > Account > Payment and Subscriptions > Redeem Code`. Kwenye PS4, fungua PlayStation Store uchague `Redeem Codes`. Andika herufi na tarakimu 12. Vocha ikiwa ni ya pesa, itaingia kwenye pochi ya akaunti; baada ya hapo lazima uende ukanunue PS Plus. Wengi huishia kwenye pochi, wakadhani wameshajiunga.

Mara tu ukishajiunga, zima kujirudia kwa malipo: kwenye `Payment and Subscriptions` fungua `Subscriptions`, kisha PlayStation Plus, na uchague `Turn Off Auto-Renew`. Hupotezi siku zako. Unazuia tu pesa zilizobaki kwenye pochi zisichukuliwe mwezi ujao bila kujua.

## Hatua ya 6: Mgawie PS Plus kila mtu nyumbani

PS Plus inakaa kwenye akaunti moja, lakini mashine moja ya akaunti hiyo inaweza kuwagawia watumiaji wote walio juu yake. Watu wasiojua hili wananunua vocha tatu kwa watoto watatu.

Kwenye PS5, ingia kwa akaunti iliyolipiwa, nenda `Settings > Users and Accounts > Other > Console Sharing and Offline Play`, uiwashe. Kwenye PS4 ni `Settings > Account Management > Activate as Your Primary PS4`, kisha `Activate`.

Akaunti moja inaweza kuwa na PS5 moja na PS4 moja zilizowashwa hivi kwa pamoja. Haiwezi kuwa na PS4 mbili. Ukitaka kuhamisha, zima kwanza kwenye mashine ya zamani ukiwa bado unayo mkononi. Ukishaiuza bila kuzima, njia ya kuzima zote kupitia tovuti ya akaunti kwa PS4 inaruhusiwa mara moja tu katika miezi sita.

Hili linaeleza fumbo la mashine za mtumba. Mtu ananunua PS4, FC inacheza mtandaoni vizuri wiki kadhaa, halafu ghafla inakataa. Mashine haikuharibika. Ilikuwa na akaunti ya muuzaji yenye PS Plus, na muuzaji ama ameihamishia mashine yake mpya au muda umekwisha.

Umefaulu ikiwa mtumiaji wa pili, kwa akaunti yake mwenyewe isiyolipiwa, anaingia mechi ya mtandaoni kwenye mashine hiyo.

## Mfano mzima: nyumba moja ya Madungu

Tuchukulie nyumba Chake Chake yenye PS4 moja na ndugu watatu. Mkubwa anataka FC dhidi ya rafiki zake wa Unguja. Wa kati anacheza Warzone. Mdogo anataka Roblox. Mjomba wao yuko Maskati na amesema atatuma vocha.

Mama anamuuliza mkubwa: "Mwanangu, mjomba atume vocha ngapi? Mko watatu."

Jibu lipatikane kwa kufuata hatua. Warzone ni ya bure na Roblox ni ya bure, kwa hiyo wawili wadogo hawahitaji chochote. Mkubwa anataka mechi za kirafiki mtandaoni ndani ya FC, dhidi ya watu, na FC inauzwa. Anahitaji PS Plus, peke yake.

Wanapima mtandao kabla ya kumpigia mjomba. Hotspoti ya simu ya mama inatoa NAT ya aina ya 3, Warzone inaingia lakini sauti inakatika. Wanahamia laini nyengine, inatoa aina ya 2. Wanaendelea na hiyo.

Wanafungua duka kwenye akaunti ya mkubwa na kukuta bei kwa dola. Kwenye kivinjari, nchi imeandikwa Marekani. Mjomba akienda dukani kwao Maskati atauziwa vocha ya Omani, na haitaingia. Anaambiwa: "Mjomba, tafadhali omba vocha ya akaunti ya Marekani, ya dola 20, si 10, kwa ajili ya kodi." Anatuma picha ya namba.

Mkubwa anaingiza namba, pesa zinaingia kwenye pochi, ananunua Essential ya mwezi mmoja, anazima kujirudia, kisha anaiwasha PS4 iwe ya msingi. Vocha moja, mwezi mmoja, na baki iliyobaki kwenye pochi itasaidia mwezi mwengine. Siku wa kati akitaka kuonja FC mtandaoni, ataingia kwa akaunti yake mwenyewe bila malipo ya ziada.

## Wenye Xbox na Switch

Xbox inafuata kanuni ileile. Gemu za bure zinachezwa bila uanachama tangu Aprili 2021. Kabla ya hapo zilikuwa zinadai. Za kununua zinahitaji Game Pass, na kiwango cha chini kinachotosha ni Essential, ambacho kilichukua nafasi ya Core Oktoba 2025. PC Game Pass haifungui kucheza mtandaoni kwenye Xbox, iache. Kugawia nyumba unafanya kwa kuiweka mashine kuwa Home Xbox, na unaruhusiwa kuibadilisha mara tano kwa mwaka.

Switch inatumia Nintendo Switch Online. Fortnite, Rocket League, Fall Guys na Pokémon UNITE zinachezwa bila hiyo. Mario Kart 8 Deluxe na Splatoon 3 zinaitaka. Tofauti na PlayStation, uanachama wa mtu mmoja haumgawii mwengine kwenye mashine ileile. Kuna wa familia unaofika akaunti 8. Lakini Switch mbili zilizo chumba kimoja zinaweza kucheza pamoja kwa mawimbi yao wenyewe, bila intaneti wala uanachama.

Wanaotumia kompyuta hawalipii uanachama wowote wa aina hii.

## Ikikataa, soma dalili

Inakupeleka kwenye ukurasa wa kununua PS Plus. Hilo ni suala la uanachama kweli. Kama umelipa, hakikisha umenunua uanachama na si kujaza pochi tu, kisha utoke kwenye akaunti na uingie tena.

Aliyelipia anacheza, ndugu yake anakataliwa. Hatua ya 6 haijafanyika, au imefanyika kwenye mashine nyengine.

Inatafuta mpinzani bila mwisho, au inakukata katikati. Mtandao. Rudi hatua ya 4.

Gemu ya bure inakataa na inataja vikwazo vya akaunti. Akaunti ni ya mtoto. Umri ulioandikwa siku ya kuifungua umeifanya iwe chini ya mzazi, na mzazi hajaruhusu mawasiliano au gemu ya umri huo. Kwenye PS5 mzazi aingie kwa akaunti yake, aende `Settings > Family and Parental Controls`, amchague mtoto na aruhusu gemu hiyo. Vocha haitafungua kizuizi hicho, hata ya mwaka mzima.